Saa Tisa na Robo, Kabla Dar Haijafunga

Nyumba ya dada huyu iko Nyakabanda, juu kidogo ya barabara inayopanda kutoka upande wa Nyamirambo, na ofisi yake ni chumba cha mbele kilichokuwa sebule. Ni wakala wa mizigo. Wateja wake ni wafanyabiashara wadogo wa Kigali wanaoleta vitenge, vipuri na vyombo vya nyumbani kupitia bandari ya Dar es Salaam, mara nyingi watu watano au sita wakichangia kontena moja. Ameniruhusu kuandika kila kitu isipokuwa jina lake na majina ya wateja wake.

Nilimfuata kwa sababu ya jambo moja aliloniambia mlangoni mwa duka: kwamba siku nzima anashinda kwenye barua pepe, na jioni faili la forodha alilolifungua asubuhi bado liko wazi mezani. Nilimuuliza ni saa ngapi hasa anazitumia kwenye barua hizo kwa siku. Akasema labda tatu. Baadaye akasema labda tano. Hapo tukakubaliana kwamba kabla ya kubadilisha chochote, tupime.

Kazi yake haimruhusu kuzipuuza barua. Tangu mwaka 2014, chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wa Rwanda unaweza kutangazwa na kulipiwa kodi Kigali wakati kontena lenyewe bado limekaa bandarini Dar. Ni utaratibu mzuri uliofupisha safari ya makaratasi. Lakini maana yake ni kwamba mtu wa Kigali na mtu wa Dar wanashika faili moja kwa wakati mmoja, na kinachowaunganisha ni barua pepe yenye viambatisho: hati ya shehena, ankara, orodha ya vifurushi, stakabadhi ya malipo. Kosa la tarakimu moja katika mojawapo linalisimamisha kontena, na kontena linaposimama bandarini kupita siku zake za bure, linaanza kulipiwa kwa siku.

Kwa hiyo alikuwa na sababu ya kuchungulia. Tulitaka kujua sababu hiyo inatosha kuchungulia mara ngapi.

Kipimo kilikuwa daftari la shule na saa ya ukutani. Kila alipofungua kikasha cha barua pepe aliandika saa ya kuingia, saa ya kutoka, na herufi moja: K kama kengele ya simu au kompyuta ndiyo iliyomwita, T kama alikuwa anatafuta waraka wa zamani, M kama alifungua mwenyewe bila kuitwa na mtu. Siku ya pili tu tuliona kasoro. Daftari lilikuwa linamwonea aibu, au yeye alikuwa analionea aibu. Kwa vyovyote vile alifungua mara chache kuliko kawaida yake, na zile mara ambazo mkono uliwahi kuliko akili hakuziandika kabisa. Tulilijua hilo kwa kulinganisha. Simu za Android zina ukurasa uitwao Digital Wellbeing katika mipangilio, na ndani yake kuna hesabu ya Times opened, yaani kila programu imefunguliwa mara ngapi siku hiyo. Daftari lilisema kikasha kimefunguliwa kwenye simu mara 14. Simu yenyewe ilisema 23.

Tukafanya mambo mawili. Hesabu za simu tukazichukua kutoka kwenye simu, daftari likabaki kwa ajili ya kompyuta na kwa ajili ya kukumbuka sababu. Jioni alikaa dakika chache kuzipatanisha. Na badala ya kupima siku tano tulipima siku saba za kazi, tukazitupa mbili za mwanzo, ambazo zilikuwa siku za kuzoea kupimwa. Nawasihi wanaotaka kujipima wasiiruke hatua hii. Siku ya kwanza ya kipimo karibu kila mara inampendelea anayejipima.

Siku tano zilizobaki zilitoa picha hii. Kikasha kilifunguliwa mara 206, wastani wa mara 41 kwa siku. Muda wote uliotumika humo ulikuwa dakika 680, yaani saa 11 na dakika 20 kwa wiki. Si saa tano kwa siku kama alivyohofia, wala si tatu. Ni saa mbili na robo hivi. Nilidhani angefurahi. Alinyamaza, akahesabu kwa vidole, kisha akauliza swali lililo bora kuliko yote niliyokuja nayo: "Kama ni saa mbili na robo tu, kaka, hizo nyingine zinakwenda wapi?"

Sehemu ya jibu imo katika hizo herufi tatu. Kengele ilimwita mara 71. Alikuwa anatafuta waraka mara 58. Alifungua mwenyewe, bila kuitwa, mara 77.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliwatazama wafanyakazi wa kampuni moja wakipokea barua pepe. Waliona kwamba watu wengi huitikia barua mpya ndani ya sekunde chache tu, na kwamba baada ya kuishughulikia, mtu alihitaji kwa wastani sekunde 64 kurudi kwenye kazi aliyoiacha kwa kasi ileile. Ofisi ya Uingereza ya wakati ule si chumba cha mbele cha Nyakabanda, wala sekunde hizo si sheria ya maumbile. Ila zinafaa kwa makadirio. Tuliziacha zile mara 58 za kutafuta, kwa kuwa zilikuwa sehemu ya kazi yenyewe, tukabaki na 148. Zidisha kwa sekunde 64: ni zaidi kidogo ya saa mbili na nusu kwa wiki za kujiuliza tu "nilikuwa nimefika wapi?" Muda huo hauonekani kwenye hesabu yoyote ya simu, kwa sababu wakati huo simu imeshawekwa chini.

Nilipendezwa zaidi na zile 58. Alikuwa haendi kwenye kikasha kusoma barua. Alikwenda kuchukua ankara ya juzi. Kikasha kilikuwa kabati lake la nyaraka. Na kila alipolifungua kabati alikutana na barua mpya mlangoni, akaijibu, akasahau alichofuata. Mtu wa namna hii ukimwambia asome barua mara tatu kwa siku, atashindwa saa nne asubuhi ya siku ya kwanza, na atadhani ameshindwa kwa udhaifu wa nia.

Zikafuata barua zenyewe. Katika siku zile tano ziliingia 238. Tulizipitia moja moja Jumamosi alasiri, na kwa kila moja tuliuliza: ilitaka afanye jambo? Na kama ndiyo, jambo hilo lingesubiri hadi lini bila hasara? Zilizotaka kitendo chake zilikuwa 64. Kati ya hizo, 39 zingeweza kulala hadi kesho au zaidi. Nyingine 22 zilihitaji jibu siku hiyohiyo, kabla mtu wa Dar hajaondoka mezani. Tatu tu ndizo zilizokuwa na haraka ya ndani ya saa moja: mbili za malipo yaliyotakiwa kuingia kabla benki hazijafunga hesabu, na moja kutoka Rusumo, ambako lori lilikuwa limesimama kwa sababu ya waraka. Tulitazama rekodi za simu za siku hizo. Katika tatu hizo, waandishi wa mbili walikuwa wamempigia simu pia.

Hapa ndipo uamuzi wa saa unapotoka. Watu huanza na idadi, mara mbili au tatu kwa siku, kisha wanailazimisha kazi iingie humo. Ni heri kuanza na subira ya barua zenyewe. Kama barua zake za haraka ni tatu kwa wiki, na nyingi ya hizo tayari zina njia ya simu, basi ratiba haipangwi kwa ajili ya hizo. Inapangwa kwa ajili ya zile 22.

Tulikosea pale pale. Wiki ya kwanza ya jaribio alichagua saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na nusu jioni. Zilikuwa saa za kupendeza. Tangu Januari 2023 ofisi za Rwanda hufunguliwa rasmi saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, kwa hiyo kikao cha mwisho cha saa kumi na nusu kilionekana kinafunga siku vizuri. Siku ya Jumatano, saa saba na dakika 25, iliingia barua kutoka kwa wakala wa Dar: uzito katika orodha ya vifurushi ulikuwa kilo 18,420 na katika hati ya shehena 18,240. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi; marekebisho ya dakika kumi. Aliisoma saa kumi na nusu, akatuma marekebisho saa kumi na dakika 40. Lakini Kigali iko saa moja nyuma ya Dar es Salaam. Dar ilikuwa saa kumi na moja na dakika 40, na yule wakala alikuwa ameshaondoka. Kontena lilikaa siku moja zaidi, na siku hiyo ililipiwa.

Mtu aliyekulia Kigali anaijua tofauti hii kwa kichwa, na kila anayevuka daraja la Rusumo hubadilisha saa akiwa juu ya mto Kagera. Hata hivyo hakuna hata mmoja wetu aliyeikumbuka tulipokuwa tunapanga, kwa kuwa tulipanga siku yetu sisi na siyo siku ya watu wanaotuandikia. Alilipa gharama ile kutoka mfukoni mwake, kwa sababu hakuona haki kumbebesha mteja jaribio lake. Nilimheshimu zaidi kwa hilo, na najuta kwamba sikuliona kosa mapema.

Ratiba ya pili ilipangwa kuanzia Dar kuja Kigali. Dar wanafunga saa kumi na moja, ambayo kwetu ni saa kumi. Kikao cha mwisho lazima kiishe mapema kiasi cha mtu wa Dar kupata jibu na kulifanyia kazi, kwa hiyo kikawa saa tisa na robo alasiri. Dar ni saa kumi na robo. Cha katikati kikawa saa sita kasorobo, kabla Dar hawajatoka kula, na Ijumaa kinamalizika kabla ya watu wa mtaa kwenda msikitini. Cha asubuhi kikawa saa mbili na nusu, wakati Dar wameshakaa kazini na kuandika barua zao za kwanza. Kati ya kikao na kikao kuna saa tatu na robo, kisha saa tatu na nusu. Hiyo ndiyo subira ndefu kuliko zote ambayo barua iliyoandikwa kati ya vikao itakutana nayo, na alipoitazama ile orodha ya barua 22 za wiki ya kipimo, zote zingeistahimili.

Chini ya kila barua akaweka sentensi mbili: "Nasoma barua pepe saa 2:30, 5:45 na 9:15 kwa saa za Kigali, yaani saa 3:30, 6:45 na 10:15 za Dar. Jambo lisiloweza kusubiri, tafadhali nipigie simu." Aliandika kwa saa za Kiswahili kwa kuwa ndizo wanazosemezana, na akaandika za pande zote mbili ili mtu asilazimike kukokotoa. Watu watatu wa Dar na mmoja wa Rusumo aliwapigia mwenyewe kuwaeleza. Kuweka tangazo bila kuwapigia wale wachache wenye haraka ni kuwaacha wagundue ratiba yako siku ya shida.

Kompyuta nayo ilitaka kutulizwa, na hapa watu wengi huishia nusu ya njia. Anatumia Thunderbird. Katika Server Settings kuna kisanduku cha Check for new messages every, na karibu kila mtu hukiondolea alama hicho kisha anashangaa barua zinaendelea kuingia. Ni kwa sababu chini yake kuna kingine, Allow immediate server notifications when new messages arrive, ambacho huifanya seva yenyewe isukume barua inapofika bila kusubiri kuulizwa. Lazima vyote viwili viondolewe alama. Kwenye simu, ndani ya Gmail, alifungua mipangilio ya akaunti na kuweka Notifications kuwa None. Akabakisha mlio wa simu ya kupigwa, na akauongeza sauti.

Kisha likaja lile kabati. Jumapili nzima, naye anapenda kupumzika Jumapili, alihamisha viambatisho vya mizigo iliyo njiani kwenye folda za kompyuta, folda moja kwa kila hati ya shehena, jina la folda likiwa namba ya hati hiyo. Tangu hapo kazi ya mwisho ya kila kikao ni kushusha viambatisho vipya na kuviweka mahali pake. Inamchukua kama dakika tano. Anapolazimika kutafuta barua ya zamani katikati ya kazi, kwanza huchagua Work Offline katika Thunderbird: barua zilizokwisha kushushwa zinatafutika, jibu analoliandika linasubiri katika Outbox, na hakuna kipya kinachoingia kumpokea mlangoni.

Wiki ya ratiba mpya tulipima tena kwa njia ileile. Kikasha kilifunguliwa mara 31: vikao 15 vilivyopangwa na mara 16 nje ya ratiba, ambazo 9 zilikuwa za kutafuta waraka na 7 za kufungua tu. Vikao vilichukua wastani wa dakika 32 kila kimoja, jumla dakika 480. Zile za nje ziliongeza 50. Jumla ni dakika 530.

Kutoka 680 hadi 530 ni nusu saa kwa siku. Si muujiza, na sitaki msomaji adhani kwamba kupanga saa kunazifanya barua ziwe chache. Barua zilikuwa zilezile na majibu yalihitajika yaleyale. Kilichobadilika zaidi ni urefu wa vipande vya kazi kati ya barua na barua. Katika wiki ya kipimo kipande kirefu zaidi bila kufungua kikasha kilikuwa dakika 38. Sasa kila siku ana viwili vya zaidi ya saa mbili na nusu, na ndani yake hufanya kazi inayochukia kukatizwa kuliko zote: kupanga bidhaa za wateja sita katika namba za ushuru, mstari kwa mstari, ambapo kuruka mstari mmoja ni kuanza upya. Faili la mistari 14 lilimchukua saa moja na dakika 50 mwezi uliopita; lingine linalofanana nalo lilimchukua saa moja na dakika kumi. Ni faili moja dhidi ya faili moja, na mafaili hayafanani. Anaendelea kuandika muda wa kila moja ili baada ya miezi miwili tuseme kwa uhakika.

Wataalamu wenyewe hawasemi kwa sauti moja. Mwaka 2015 Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha jaribio la watu 124 waliotakiwa kusoma barua mara tatu tu kwa siku kwa wiki moja, na bila kikomo wiki nyingine. Wiki ya kikomo watu walikuwa na msongo mdogo. Mwaka uliofuata Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 40 kwa siku 12 za kazi. Waliokusanya barua zao kwa mafungu walijiona wamezalisha zaidi, lakini watafiti hawakuona ushahidi kwamba msongo wao ulipungua. Mimi nauelewa mgongano huo kupitia ile wiki ya ratiba mbovu. Dada huyu alikuwa na mafungu, na alikuwa na wasiwasi kuliko wakati wowote, kwa sababu hakuamini kwamba jambo la haraka litamfikia. Wasiwasi ulishuka baada ya simu kulia mara mbili katika wiki ya pili, kutoka kwa watu aliowapigia mwenyewe, kwa mambo yaliyostahili kweli.

Kuna mlango mmoja ambao maji bado yanapitia. Wateja wawili, walipoona barua haijibiwi papo hapo, walihamia WhatsApp. Tuliliona katika ukurasa uleule wa Digital Wellbeing: WhatsApp ilifunguliwa mara nyingi zaidi kuliko wiki ya kipimo. Angepima barua pepe peke yake angejipongeza bure. Amewaomba wateja hao watume nyaraka kwa barua na waache WhatsApp kwa picha za mizigo, na sasa daftari lina safu ya nne, W.

Nilipokwenda kumuaga alikuwa anatazama zile mara 7 za kufungua tu. Sita kati yake zilikuwa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, baada ya kikao cha mwisho, wakati ambao Dar imeshafunga na hakuna jibu lolote lingeweza kufika kwa mtu. Alizizungushia duara kwa kalamu nyekundu, akasema wiki ijayo, saa hiyo, atakuwa anaandika madai ya wateja kwa mkono, mezani jikoni, kompyuta ikiwa chumba kingine.